Jedwali la kozi la wiki 15: namna ya kulipanga kuanzia mwisho, likabaki sahihi hadi siku ya UE

Jedwali la kozi ndilo karatasi inayofunguliwa mara nyingi kuliko nyingine zote za semista. Mwanafunzi hulitazama akiwa kwenye daladala, kiongozi wa darasa hulirusha kwenye kundi la WhatsApp, na mkuu wa idara huliomba panapotokea malalamiko. Mwongozo huu unamlenga mhadhiri au mkufunzi wa chuo cha Dar es Salaam anayelitengeneza kuanzia mwanzo. Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: kozi ya Utangulizi wa Takwimu yenye wanafunzi 180 wa mwaka wa kwanza, mhadhiri mmoja na msaidizi mmoja. Ina mhadhara wa saa mbili kila Jumatatu na semina ya saa moja kila Alhamisi. Semista inaanza Jumatatu tarehe 15 Machi 2027 na ina wiki 15 za kufundisha, kisha mtihani wa mwisho wa semista, yaani UE, kuanzia Jumatatu tarehe 28 Juni.

1. Anza na siku zisizofundishika, mada zije baadaye

Walio wengi huanza kwa kuorodhesha mada 15 mbele ya wiki 15. Kwa kozi ya Jumatatu hilo ni kosa, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku inayoliwa zaidi na sikukuu. Chukua kalenda ya chuo, chukua na orodha ya sikukuu za kitaifa, kisha upitie siku zako za kipindi moja baada ya nyingine.

Katika mfano wetu, Pasaka ya 2027 ni Jumapili tarehe 28 Machi, kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka, tarehe 29, inaondoa mhadhara wa wiki ya 3. Sikukuu ya Muungano, tarehe 26 Aprili, mwaka huo inaangukia Jumatatu, na mhadhara wa wiki ya 7 unaondoka nayo. Idd el-Hajj inategemea mwandamo wa mwezi, lakini itakuwa ama Jumapili tarehe 16 au Jumatatu tarehe 17 Mei. Siku ya aina hiyo ihesabu kuwa imekwenda. Mwezi ukiandama mapema utapata mhadhara ambao hukuutegemea, na huo hauna madhara. Ukiupanga mhadhara kisha ukaukosa, unavuruga wiki zote zinazofuata.

Kwa hiyo mihadhara 15 ya kwenye karatasi imebaki 12 ya uhakika. Alhamisi zote 15 zimesalimika, na hilo litatusaidia baadaye. Zipo pia sikukuu zisizogusa kipindi chako lakini zinagusa tarehe za kukabidhi kazi. Siku ya Karume, tarehe 7 Aprili, ni Jumatano. Ukiweka tarehe ya mwisho Alhamisi tarehe 8, mwanafunzi anayetaka kuuliza swali la mwisho au kutumia kompyuta ya maktaba atakuta milango imefungwa. Isogeze hadi Ijumaa tarehe 9.

Tarehe zipangie kwenye lahajedwali, usizihesabu kwa vidole. Jumatatu ya kwanza iweke kwenye B2, kisha kila mstari uongeze siku saba. Tarehe za sikukuu ziandike kwenye safu ya H, na safu ya C iwe ya kukuonya:

```
B2:  =DATE(2027,3,15)
B3:  =B2+7
C2:  =COUNTIF(H$2:H$9,B2)
```

Fomula ya B3 na ya C2 ziburute hadi mstari wa 16. Penye 1 katika safu ya C, Jumatatu hiyo ni sikukuu. Faida yake utaiona pale chuo kinaposogeza kufungua kwa wiki moja au mbili. Unabadilisha B2 peke yake na tarehe zote zinajisogeza, huku 1 zikihamia kwenye mistari mipya, maana sikukuu hazihami pamoja na semista. Aliyeandika neno «Pasaka» kwa mkono kwenye mstari wa wiki ya 3 atalikuta limeganda hapohapo wakati tarehe zimeshakwenda mbele, naye atafundisha siku ya sikukuu na kupumzika siku ya kazi.

2. Panga alama kutoka UE kurudi nyuma

Hapa ndipo jedwali linapopata uti wa mgongo, na ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Tuseme kozi yetu ina alama 40 za ndani ya semista na 60 za UE, mgawanyo ambao vyuo vingi hapa nchini vinautumia. Zile 40 tunazigawa hivi: Zoezi 1 alama 5, Zoezi 2 alama 5, Testi 1 alama 10, Testi 2 alama 10 na ripoti ya kundi alama 10.

UE inaanza tarehe 28 Juni. Mwanafunzi ana haki ya kuziona alama zake 40 kabla ya kuingia chumba cha mtihani, na ya kulalamika pale alama yake inapokosekana. Kwa darasa la watu 180 malalamiko hayakosekani: karatasi iliyochanganyika, namba ya usajili iliyokosewa tarakimu moja, jina la mwanakikundi lililosahaulika kwenye jalada. Alama zote zibandikwe Jumatatu tarehe 21 Juni, na Alhamisi tarehe 24 iwe siku ya mwisho ya kupokea malalamiko. Ijumaa inabaki ya kurekebisha na kupeleka idarani.

Sasa uliza: ili alama zibandikwe tarehe 21 Juni, Testi 2 ifanyike lini? Jibu limo kwenye hesabu ya kusahihisha. Karatasi moja ya testi ya dakika 50 husahihishwa kwa dakika 6 hivi ukiwa na mwongozo wa majibu uliokamilika. Karatasi 180 kwa dakika 6 ni saa 18, kwa hiyo kila msahihishaji ana saa 9. Kwa mtu ambaye bado anafundisha kozi nyingine, saa 9 hupatikana ndani ya siku kumi hivi, wala si ndani ya siku tatu. Kwa hiyo Testi 2 iwe Alhamisi tarehe 10 Juni, wiki ya 13. Ukiipeleka wiki ya 14, ama alama zitachelewa au usahihishaji utafanywa mbio mbio usiku, na malalamiko yatakuwa mengi zaidi.

Endelea kurudi nyuma kwa kanuni mbili. Ya kwanza, kazi irudishwe kabla ya mwanafunzi kupimwa tena juu ya mambo yaleyale, la sivyo atarudia kosa lile lile na kulilipia mara mbili. Ya pili, rundo moja la kusahihisha liishe kabla ya jingine kuingia. Ukizifuata zote mbili, tarehe zinajipanga karibu zenyewe: ripoti ya kundi inakabidhiwa tarehe 27 Mei na kurudishwa tarehe 10 Juni. Zoezi 2 ni tarehe 13 Mei, linarudi tarehe 27. Testi 1 ni tarehe 29 Aprili, inarudi tarehe 13 Mei. Zoezi 1 ni tarehe 9 Aprili, linarudi tarehe 22, yaani wiki nzima kabla ya Testi 1. Kila rundo linatoka mkononi kabla ya linalofuata kuingia, au siku ileile linapoingia.

Kwa sababu hiyo jedwali letu lina safu ambayo majedwali mengi hayana: «Kinachorudishwa». Mwanafunzi amefungwa na tarehe, na mwalimu naye anastahili kufungwa. Isitoshe, darasa likiona kwamba Zoezi 1 limerudi siku iliyoandikwa, nalo huanza kuziheshimu tarehe zake.

3. Sasa weka mada

Tuseme kozi hii imeidhinishwa ikiwa na mada 13. Tuna Jumatatu 12, na ya mwisho ni ya marudio, kwa hiyo zimebaki 11 za kufundisha. Mada zilizoidhinishwa hazifutwi kwa uamuzi wa mwalimu mmoja, hivyo mada mbili lazima zipate nafasi Alhamisi.

Usichague mada mbili zilizo fupi kwenye kitabu, chagua zile ambazo mada nyingine hazizitegemei sana. Namba za fahirisi zinajitegemea: asiyezielewa bado ataweza rigresheni bila shida. Hizo zinafaa Alhamisi ya wiki ya 10, wiki ya Idd, ambapo wengine watakuwa bado hawajarudi kutoka kwao. Mgawanyo wa binomia unafuata moja kwa moja uwezekano, kwa hiyo ukae Alhamisi ya wiki ileile ya 8, vichwa vikiwa bado vina moto. Kinyume chake, mtawanyiko usiuweke kamwe kwenye wiki yenye sikukuu. Kila kitu kuanzia mgawanyo wa kawaida hadi upimaji wa dhana kinasimama juu ya mkengeuko sanifu, na aliyeukosa siku hiyo atahangaika nao hadi Juni.

Jedwali linatoka hivi:

| Wiki | Jumatatu, mhadhara | Alhamisi, semina | Soma kabla ya Jumatatu | Kinachokabidhiwa | Kinachorudishwa |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 15 Machi: Aina za data na vipimo | 18 Machi: mazoezi | Sura 1, uk. 1–18 (kabla ya Alhamisi) | – | – |
| 2 | 22 Machi: Sampuli na ukusanyaji wa data | 25 Machi: mazoezi; Zoezi 1 linatolewa | Sura 2, uk. 19–40 | – | – |
| 3 | 29 Machi: HAKUNA, Pasaka | 1 Aprili: kuchagua sampuli kwa vitendo | Hakuna jipya | – | – |
| 4 | 5 Aprili: Majedwali ya marudio na chati | 8 Aprili: mazoezi | Sura 3, uk. 41–62 | Zoezi 1: Ijumaa 9 Aprili | – |
| 5 | 12 Aprili: Wastani, mediani na modi | 15 Aprili: mazoezi, ripoti inatolewa | Sura 4, uk. 63–81 | – | – |
| 6 | 19 Aprili: Mtawanyiko | 22 Aprili: mazoezi | Sura 5, uk. 82–104 | – | Zoezi 1, Alhamisi |
| 7 | 26 Aprili: HAKUNA, Muungano | 29 Aprili: TESTI 1 (wiki 1–6) | Hakuna jipya | – | – |
| 8 | 3 Mei: Uwezekano, Zoezi 2 linatolewa | 6 Mei: Mgawanyo wa binomia | Sura 6, uk. 105–130 | – | – |
| 9 | 10 Mei: Mgawanyo wa kawaida | 13 Mei: mazoezi | Sura 7, uk. 131–150 | Zoezi 2: Alhamisi 13 Mei | Testi 1, Alhamisi |
| 10 | 17 Mei: Idd inatarajiwa | 20 Mei: Namba za fahirisi | Sura 12, uk. 236–248 (kabla ya Alhamisi) | – | – |
| 11 | 24 Mei: Kipindi cha uhakika | 27 Mei: mazoezi | Sura 8, uk. 151–172 | Ripoti ya kundi: Alhamisi 27 Mei | Zoezi 2, Alhamisi |
| 12 | 31 Mei: Upimaji wa dhana | 3 Juni: mazoezi | Sura 9, uk. 173–196 | – | – |
| 13 | 7 Juni: Uhusiano wa vigeu | 10 Juni: TESTI 2 (wiki 8–12) | Sura 10, uk. 197–212 | – | Ripoti, Alhamisi |
| 14 | 14 Juni: Rigresheni | 17 Juni: mazoezi | Sura 11, uk. 213–235 | – | – |
| 15 | 21 Juni: Marudio | 24 Juni: mwisho wa malalamiko ya alama | Hakuna jipya | – | Testi 2 na alama zote 40, Jumatatu |

Kazi zote zinakabidhiwa saa 10:00 jioni ya siku iliyotajwa. Sentensi hiyo iandike mara moja chini ya jedwali, wala usiirudie kwenye kila kisanduku.

4. Soma kazi na mada kwa pamoja, mstari kwa mstari

Jedwali linaweza kupendeza macho na bado likawa na kosa ambalo haligunduliki mpaka mwezi wa tano. Chukua kila kazi, andika pembeni ujuzi inaoudai, kisha utafute ujuzi huo ulifundishwa lini.

Tazama ripoti ya kundi. Makundi 36 ya watu watano yanakwenda kituo cha daladala cha Mwenge kupima muda abiria anaosubiri gari. Kila mmoja anarekodi magari 20, kwa hiyo kundi linarudi na vipimo 100. Mwalimu angetamani waikamilishe ripoti kwa kipindi cha uhakika cha wastani wa kusubiri. Lakini kipindi cha uhakika kinafundishwa tarehe 24 Mei na ripoti inakabidhiwa tarehe 27. Siku tatu hazitoshi, na makundi mengi yatanakili fomula kutoka kwa wenzao bila kuielewa.

Njia ziko mbili. Unaweza kusogeza ripoti hadi tarehe 3 Juni, lakini itarudishwa tarehe 17, na katikati yake kuna rundo la Testi 2: saa 12 za ripoti (36 kwa dakika 20) juu ya saa 18 za testi. Au unaweza kuondoa kipindi cha uhakika kwenye ripoti, ikabaki na chati, wastani, mediani na mkengeuko sanifu, kisha kipindi cha uhakika ukakipime kwenye Testi 2. Njia ya pili ndiyo bora. Ripoti inabaki na uzito wake, na kila kinachopimwa kimeshafanyiwa mazoezi kwenye semina.

Ripoti hiyo pia inahitaji tarehe ya katikati, kwa sababu kazi ya wiki sita isiyo na kituo njiani huanza wiki ya sita. Andika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba data ziwe zimekamilika ifikapo Ijumaa tarehe 14 Mei. Tarehe hiyo ni ya makusudi: baada yake inakuja wikiendi ya Idd, na msongamano wa Mwenge siku hizo haufanani na wa siku za kawaida. Waelekeze pia waandike kama mvua ilikuwa inanyesha. Aprili na Mei ni masika, na dakika za kusubiri gari siku ya mvua kubwa zikichanganywa na za siku kavu bila alama, mkengeuko utatoka mkubwa na kundi halitajua kwa nini.

5. Pima mzigo kwa saa, usikisie

Kwa utaratibu wa hapa nchini, kredit moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi yetu ni ya kredit 12, yaani saa 120. Mihadhara na semina, ukizihesabu kwa ukamilifu wa ratiba, ni saa 45. Zimebaki 75. Kusoma saa mbili kwa wiki ni 30, mazoezi mawili na maandalizi ya testi mbili ni 20, ripoti 10, na matayarisho ya UE 15. Imefika 120, na hakuna pa kuongeza bila kupunguza pengine.

Saa mbili za kusoma ni kurasa ngapi? Kwa kitabu cha takwimu chenye mifano ya kukokotoa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma kwa Kiingereza, kurasa 10 hadi 12 kwa saa ni mwendo wa kweli. Ndiyo maana sura zetu zinakaa kati ya kurasa 13 na 26. Wiki ya 8 ndiyo nzito kuliko zote kwa sababu ina mada mbili, na imewekwa baada ya wiki isiyo na usomaji mpya. Ukiona wiki moja ina kurasa 60, fahamu kwamba hazitasomwa, na semina ya Alhamisi itageuka mhadhara wa pili.

Kila usomaji uandikwe kwa kurasa. «Sura ya 5» peke yake haitoshi, kwa sababu maktaba huwa na matoleo mawili au matatu ya kitabu kilekile na sura huhama namba. Taja toleo juu ya jedwali. Halafu hakikisha kitabu kinapatikana: nakala nane kwenye rafu kwa watu 180 hazitoshi, kwa hiyo iombe maktaba iziweke kwenye akiba ya kuazima kwa saa chache. Sura inayoruhusiwa kunakiliwa iache steshenari ya jirani, na uitume pia kwa simu. Ikiwa unaiskani, tumia rangi ya kijivu na nukta 150 hadi 200 kwa inchi. Kurasa 20 zilizopigwa picha za rangi kwa simu zinaweza kuvuka MB 50, na hizo ni bando la mtu. Zikiskaniwa vizuri hushuka hadi MB chache na bado zinasomeka.

6. Tarehe ya mwisho ni siku, saa, mahali na namna

Epuka usiku wa manane. «Saa 6 usiku wa Ijumaa» kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa mwingine ni wa kuamkia Jumamosi. Mfumo wa chuo nao huandika 23:59, na wapo watakaoielewa vingine. Zaidi ya hayo, umeme ukikatika au mtandao ukigoma saa 5 usiku hakuna ofisi iliyo wazi ya kusaidia. Saa 10:00 jioni, yaani 16:00, mafundi wapo, maktaba iko wazi, na mwanafunzi anayekaa Mbagala ana muda wa kufika nyumbani.

Tarehe iandike kwa maneno pamoja na jina la siku. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma 9/4 kuwa tarehe 4 Septemba, lakini «Ijumaa 9 Aprili» haina namna mbili. Jina la siku pia ni kinga yako: tarehe na siku zisipolingana, mtu atakuuliza mapema.

Kama mnatumia Moodle, jaza sehemu zote mbili, `Due date` na `Cut-off date`. Ukijaza ya kwanza peke yake, mfumo utaendelea kupokea kazi na kuziandikia tu kwamba zimechelewa, nawe utajikuta na zoezi lililotumwa siku uliyokwisha kurudisha majibu darasani. Kwa mazoezi ya alama 5, kata alama 1 kwa kila siku ya kuchelewa na ufunge baada ya siku mbili. `Cut-off date` iwekwe siku hiyohiyo ya kufunga, na sheria hiyo iandikwe chini ya jedwali.

Weka na kifungu cha mvua. Msimbazi ukijaa, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi husimama. Kwa kazi inayoletwa mkononi, andika hivi: «Barabara ikifungwa kwa mafuriko, kazi italetwa siku ya kazi inayofuata, saa ileile.» Sentensi moja iliyoandikwa mwezi wa tatu inakuepusha kupokea simu 40 mwezi wa nne.

Testi nazo zinahitaji mahali. Watu 180 wakikaa kwa kuruka kiti wanahitaji ukumbi wa viti 360 au kumbi mbili. Omba vyumba wiki ya kwanza, na jina la ukumbi liingie kwenye jedwali likithibitishwa.

7. Karatasi yenyewe

Tumia A4 ya kulala. Upana wake ni sentimita 29.7, ukiacha pambizo za 1.5 kila upande unabaki na 26.7. Wiki ipe 1.2, mhadhara 6, semina 6, kusoma 4.5, kukabidhi 4.5 na kurudisha 4.5. Herufi zisipungue pointi 10. Kwenye Word, washa `Repeat Header Rows` ili vichwa vya safu vijirudie ukurasa wa pili, na uzime `Allow row to break across pages` ili wiki isikatwe katikati. Usitume faili la Word kwenye kundi, kwa sababu kwenye simu safu hupishana na tarehe ya wiki moja hujikuta mbele ya nyingine. Tuma PDF.

Wengi watalisoma kwenye simu, na safu sita kwenye kioo kidogo zinachosha. Kwa hiyo tarehe tano zenye alama zirudie juu ya jedwali, kila moja kwenye mstari wake: 9 Aprili, 29 Aprili, 13 Mei, 27 Mei, 10 Juni. Mwanafunzi atapiga picha hapo tu.

Kwenye kichwa cha ukurasa andika toleo na tarehe, na jina la faili lifuate:

```
Takwimu_Jedwali_v2_2027-05-03.pdf
```

Mabadiliko yakitokea, toa toleo jipya zima, paka rangi mstari uliobadilika, libandike ubaoni na umpe kiongozi wa darasa alitume. Usitume sauti ya kusema «testi imesogezwa», kwa maana PDF ya zamani itaendelea kuzunguka na nusu ya darasa itaiamini hiyo. Tarehe ya mwisho inaweza kusogezwa mbele. Kuirudisha nyuma ni kumwadhibu aliyejipanga.

Kabla ya kulitoa, mpe mtu asiyesoma kozi hiyo, aulizwe mambo matatu: wiki ya 9 kinakabidhiwa nini, saa ngapi, na kwa mhadhara wa tarehe 24 Mei inasomwa kurasa zipi. Akijibu yote bila kukuuliza, lichapwe. Akisita kwenye moja, rekebisha kisanduku alichosita nacho kabla hakijawafikia watu 180.